Swali la mtihani wa sheria: Hamisi kauza nyumba ya Ujiji mkewe akiwa msibani

SWALI (alama 20)

Hamisi na Zainabu walifunga ndoa ya Kiislamu Kigoma mwaka 2010, cheti wanacho. Mwaka 2014 wakahamia kwenye nyumba ambayo Hamisi aliijenga Buzebazeba, Ujiji, kwa hela ya biashara ya dagaa, na hati ina jina lake peke yake. Wanaishi hapo na watoto watatu, na uani Zainabu ana jiko lake la kukaangia samaki anaouza jioni.

Machi 2023 waligombana, Hamisi akamtamkia talaka moja. Hawakwenda baraza la usuluhishi wala mahakamani, na Zainabu hakuhama. Juni mwaka huohuo Hamisi akiwa kabanwa na madeni, na Zainabu yuko Kasulu kwenye msiba wa shangazi yake, Hamisi akamuuzia nyumba Bakari, mfanyabiashara wa mawese, kwa shilingi milioni 38, mkataba wa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Bakari alikuwa amekuja kuiona nyumba mara mbili. Alikuta vitenge vimeanikwa kwenye kamba, jiko la uani lina majivu mabichi, na mtoto mdogo akamwambia "mama kasafiri". Akamuuliza Hamisi, "Mama watoto je?" Hamisi akajibu, "Huyo tulishaachana, hati si unaiona jina langu?" Bakari hakuuliza mtu mwingine. Mwenyekiti anamfahamu Zainabu vizuri ila aligonga muhuri tu. Uhamisho wa hati bado haujasajiliwa. Zainabu karudi kakuta barua ya Bakari inamtaka ahame ndani ya siku 30. Mshauri Zainabu.

JIBU

Suala

Kubwa ni moja: je mauzo ya nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke yanaweza kumtoa Zainabu humo ndani? Ndani yake kuna vitu vitatu vya kujibu, ndoa ilikuwa bado ipo Juni 2023 au haipo, ile ni nyumba ya ndoa au ni mali ya Hamisi tu, na Bakari alijua au alipaswa kujua kwamba kuna mke.

Sheria

Kifungu cha 59(1) cha Sheria ya Ndoa, Sura 29 (natumia toleo la 2019) kinasema mume au mke mwenye nyumba ya ndoa hatakiwi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo, na huyo mwenzake anahesabika ana maslahi kwenye nyumba ambayo anaweza kuyalinda kwa kaveti, yaani zuio linaloandikishwa kwa Msajili wa Hati. Kifungu cha 59(2) ndicho wengi wanakiruka na ndipo alama zilipo: nyumba ikiuzwa kinyume na hapo, mnunuzi anaipata ikiwa bado imebeba haki ya mwenza kuendelea kuishi humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine, isipokuwa mnunuzi aonyeshe kwamba hakuwa na taarifa ya maslahi hayo na hata angefanya bidii ya kawaida asingeyajua.

Halafu kuna Sheria ya Ardhi, Sura 113, kifungu cha 161(3). Mwenza mwenye ardhi kwa jina lake peke yake akitaka kuihamisha, mnunuzi ana wajibu wa kumuuliza kama mwenzake karidhia, na muuzaji akimdanganya kwa makusudi, uhamisho unaweza kubatilishwa kwa hiari ya yule mwenza ambaye hakuridhia. Na kuhusu ndoa inaishaje, kifungu cha 12 cha Sheria ya Ndoa kinataja njia zenyewe, kifo au amri ya mahakama ndiyo mazito, kutamka talaka nyumbani hakumo.

Matumizi

Tuanze na talaka maana Bakari ataishika hiyo kwanza. Kidini talaka moja ina uzito wake na sibishani nayo, ila mbele ya Sheria ya Ndoa hawa wawili Juni 2023 walikuwa bado mume na mke, hakuna amri ya mahakama, baraza la usuluhishi halikuguswa. Kwa hiyo "tulishaachana" ya Hamisi haina mguu wa kusimamia.

Nyumba ya ndoa hili halisumbui. Ni pale wanandoa wanapoishi pamoja kwa kawaida, wameishi hapo tangu 2014, na kwenda msibani Kasulu sio kuhama. Hati kuwa na jina la Hamisi haisaidii kwa sababu kifungu cha 59 kimetungwa kwa hali hiyohiyo, nyumba inayomilikiwa na mmoja. Hapa watu wanapenda kuleta kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983 kuhusu kazi za nyumbani kuwa mchango, ni kesi kubwa na naiheshimu sana, lakini ile ni ya kugawana mali ndoa ikivunjika, Zainabu hapa hagawani chochote, anataka asitolewe.

Ridhaa haipo. Hakuulizwa, hakusaini, hata mjini hakuwepo.

Sasa Bakari, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Wakili wake atasema mteja wangu aliuliza, akadanganywa, akaonyeshwa hati, akalipa mbele ya kiongozi wa mtaa, afanye nini tena? Ni hoja yenye nguvu na mtahini anataka uione. Lakini angalia alichokiona kwa macho yake: vitenge kwenye kamba, majivu mabichi jikoni, mtoto anasema mama kasafiri, hakusema mama kahama. Mtu akiambiwa wameachana halafu anaona nyumba ina mwanamke anayeishi humo, bidii ya kawaida ni kuomba hati ya talaka ya mahakama au kumgeukia mwenyekiti aliyekaa naye meza moja na kumuuliza, mke wa huyu yuko wapi? Swali moja tu lingemaliza. Tena hakuuliza kama mke karidhia, ambacho ndicho kifungu cha 161(3) kinamtaka aulize, aliuliza mke yuko wapi. Kwa maoni yangu kinga ya 59(2) haimfikii.

Na hata mahakama ikimhurumia ikasema lile swali lake linatosha kuwa ulizo, bado Hamisi alimdanganya makusudi, kwa hiyo Zainabu anapata mlango wa pili, wa kuubatilisha uhamisho. Zingatia neno, unabatilishwa akitaka yeye, sio kwamba ni batili tangu mwanzo. Akikaa kimya miaka atajiumiza mwenyewe.

Hitimisho

Zainabu haondolewi kwa barua ya siku 30. Kwa uchache ana haki ya kuendelea kuishi humo ndoa ikiwa hai, na ana hoja nzuri ya kuomba mauzo yabatilishwe. Nimshauri asihame, asisaini karatasi yoyote, aweke kaveti kwa Msajili wa Hati haraka kabla uhamisho haujasajiliwa, kisha afungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapo Kigoma dhidi ya Hamisi na Bakari wote wawili, na aombe zuio la muda ili asitolewe shauri likiendelea. Cheti cha ndoa aende nacho, na majirani wa Buzebazeba wawili watatu wa kuthibitisha kwamba hakuwahi kuhama. Bakari milioni 38 zake amdai Hamisi, Zainabu hana deni naye.