Mjadala: Chandarua kipo, mtoto wa shule yuko nje yake (vijiji vya ufuo wa Seme, Kisumu)

Pengo kati ya kumiliki chandarua na kukitumia halitokani, kwa maoni yetu, na uhaba. Iwashita na wenzake (2010) waliona kando ya Ziwa Viktoria kwamba watoto wa miaka 5 hadi 15 hulala sebuleni, mahali ambapo kutundika chandarua ni kazi. Nyumba tulizozuru zinaafiki hilo: meza husukumwa ukutani usiku, mkeka hutandikwa, na alfajiri kila kitu huondolewa. Kamba ikifungwa kwenye misumari, nani ataifungua kila asubuhi?

Kuhusu kuanika omena juu ya vyandarua, tunatofautiana kiasi na Minakawa na wenzake (2008), walioripoti vyandarua vya dawa ya kudumu vikitumika hivyo. Sisi tuliona vikuukuu vyenye matundu. Hata hivyo tulizuru mchana, na mwenyeji akimwona mgeni mwenye daftari huenda akaficha kipya. Hatudai kwamba desturi hiyo imekwisha.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni jirani. Jaribio la vyandarua vyenye dawa huko Asembo, magharibi mwa Kenya, lilionyesha kuwa wasio na vyandarua walioishi ndani ya mita 300 za wenye navyo walinufaika pia (Hawley na wenzake, 2003). Faida hiyo hutokana na mbu kukutana na dawa, si na chandarua kilichokunjwa kabatini. Watoto wa shule, ambao mara nyingi hubeba vimelea vya malaria bila homa, wakibaki nje, kinga hiyo hulegea hata kwa kaya zinazojitahidi.