Daftari Kwanza, Kiashiria Baadaye

Mwenyekiti, kina mama, kina baba na vijana wenzangu, asalaam aleikum, na habari za jioni.

Kila tukikutana hapa Tudor, swali halikosi: kuna kiashiria gani kipya cha kusoma bei za soko? Mimi naomba tulizoee swali jingine: treidi zako za mwezi uliopita ziko wapi?

Kiashiria cha RSI kilitolewa na Welles Wilder mwaka 1978. Hulinganisha kupanda na kushuka kwa bei, kwa kawaida katika vipindi 14. Kingine, MACD, ni tofauti ya wastani mbili za bei. Zote mbili zinapigiwa hesabu kutoka bei zile zile zilizokwisha kupita. Ukipanga viashiria vitano kwenye skrini, hujapata mashahidi watano. Umeisoma bei ile ile mara tano, na bado hujui lolote kukuhusu wewe unayebonyeza kununua na kuuza.

Mwenzetu mmoja ameniruhusu niseme yaliyomo kwenye daftari lake. Anatreidi dhahabu kwa dola, XAUUSD. Kila mstari una tarehe, saa, bei ya kuingia, stopu ya kuzuia hasara, bei ya kutoka, sababu ya kuingia, na neno moja la hali yake: mtulivu, nina haraka, nataka kurudisha. Alipozipanga treidi kwa saa, asubuhi London inapofunguka alikuwa anapata. Kuanzia saa tisa alasiri, habari za Marekani zinapotoka, alikuwa anapoteza, na hapo ndipo lile neno "nataka kurudisha" limejaa. Mbinu ni ile ile, viashiria ni vile vile. Ameacha kutreidi alasiri, basi. Kiashiria gani kingemwambia hayo?

Na tusidanganyane kwa kuhesabu ushindi peke yake. Anayeshinda mara 70 kati ya 100, akapata shilingi 500 kila anaposhinda na kupoteza 1,500 kila anaposhindwa, ameingiza 35,000 na kutoa 45,000. Anayeshinda mara 40 tu, akapata 2,000 na kupoteza 1,000, amebaki na 20,000. Wa kwanza ndiye tunayempigia makofi kwenye kundi la Watsapu! Bila kumbukumbu hata mwenyewe hajui kwamba anazama.

Ndiyo maana nasema kila treidi, hasa ile inayokuchoma. Mwenye duka Kongowea akiandika mauzo na kuacha madeni, hesabu yake ni bure. Hata zile ndogo za majaribio ziandikwe, pamoja na ada ya broka na tofauti ya bei ya kununua na kuuza, kwa sababu hizo nazo hula faida.

Sikatai viashiria, natumia wastani wa bei kila siku. Ila ukitaka kuongeza kimoja, kiongeze peke yake, uandike treidi kadhaa ukiwa nacho, kisha uzilinganishe na za awali.

Mkutano ujao, Mwenyekiti akiridhia, tuje na madaftari. Tutaanza na langu, na mwenye swali aulize bila kunionea haya. Asanteni sana.