Maombi ya kazi ya mtunza stoo

Zuhura Hamisi,
Tabata,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Meneja wa Ghala,
Ghala la Vifaa vya Ujenzi,
Buguruni,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MTUNZA STOO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 22. Naomba kazi ya mtunza stoo kwa kufuata tangazo lenu, ambalo nilitumiwa kwa picha kwenye WhatsApp. Picha hiyo ilikatwa kwa chini na namba ya simu haikuonekana, ndiyo maana naileta barua hii kwa mkono.

Tangazo linataka mtu aliyemaliza kidato cha nne. Nilihitimu mwaka 2021 na nakala ya cheti nimeambatanisha. Tangazo linasema pia kuwa mwenye uzoefu wa mwaka mmoja wa stoo atapewa kipaumbele. Uzoefu huo sina. Nilichofanya ni kuuza duka la rejareja hapa mtaani, ambako nilikuwa napokea mzigo wa jumla, naandika daftari la mauzo na kufunga hesabu jioni. Dukani humo nilizoea jambo moja ambalo naamini linahitajika kwenu pia: mzigo unahesabiwa gari likiwa bado lipo. Dereva akishaondoka na karatasi iliyosainiwa, upungufu ni wako, hata kama katoni ilitoka pungufu huko ilikotoka.

Kati ya majukumu mliyoorodhesha, la kwanza ni "kupokea, kupanga na kutoa saruji, nondo na mabati". Kwa saruji naelewa kuwa adui ni unyevu. Mifuko inatakiwa ikae juu ya mbao au paleti, isiguse sakafu wala ukuta, na isipangwe kwenda juu sana, kwa sababu ile ya chini hugandamana ikikaa muda mrefu. Iliyoingia kwanza itoke kwanza. Hapo ndipo stoo nyingi hupata hasara, maana mzigo mpya ukishushwa mbele ya wa zamani, vibarua watachukua ulio karibu na mlango, na ule wa nyuma utakuja kugundulika ukiwa mawe. Ningependa mpangilio uache njia ya kuufikia mzigo wa zamani, na kila rundo liwe na kadi yenye tarehe ya kuingia. Mfuko uliopasuka nisingeuacha kwenye rundo ukahesabiwa kama mzima. Ungewekwa pembeni na kuandikwa siku hiyo hiyo.

Mabati nayo yana mtego wake. Geji 28 na geji 30 ukizitazama haraka zinafanana, ilhali ya 30 ndiyo nyembamba na bei yake ni ndogo. Zikichanganywa, ama mteja analalamika ama ghala linapoteza. Kwa hiyo ningezitenga na kuziandika kwa rangi, na kabla ya kutoa ningesoma maandishi ya kwenye bati lenyewe. Nondo ningezipanga kwa unene, milimita 12 mbali na 16, na kuzihesabu kwa kipande.

Kuhusu kompyuta, Excel naijua kwa kiwango cha kujaza jedwali la kuingia na kutoka na kupata salio. Kama mna mfumo wenu wa stoo, nitahitaji kuelekezwa.

Mmeandika "awe mwaminifu". Neno hilo kila mwombaji ataliandika, nami sioni namna ya kulithibitisha kwenye karatasi. Ninachoweza kuahidi ni kuwa sitatoa mzigo bila hati iliyosainiwa, hata anayeomba akisema ametumwa na bosi, na kuwa leja yangu itakuwa wazi kukaguliwa siku yoyote bila taarifa. Wadhamini wawili mliowataka ninao. Mmoja ni mwenye duka nililouza, wa pili ni mjumbe wa shina ninakoishi, na barua zao zimo ndani ya bahasha.

Zamu za Jumamosi na siku za kushusha mizigo usiku nitaziweza, kwani kutoka Tabata hadi Buguruni si mbali. Mshahara tangazo halikuutaja, tutaongea mkiniita.

Nipo tayari kwa usaili siku yoyote, na kama mtapenda kunijaribu kwa vitendo, nipeni rundo moja nilihesabu na kulilinganisha na leja yenu. Namba yangu ya simu imo kwenye wasifu nilioambatanisha, pamoja na nakala ya cheti na ya kitambulisho cha NIDA.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Zuhura Hamisi