Shangazi Mwanaidi: Shairi la Kutimiza Miaka 60

(Limesomwa uani kwake, Ngamiani, Tanga, Januari 2026, baada ya pilau na kabla ya keki)

Shikamoo Shangazi. Shikamooni wazee wote, na ninyi mliokaa kwenye mkeka huko nyuma, habari za jioni. Kaka zangu wamenisukuma nisome mimi kwa sababu wanasema mimi ndiye niliyeharibiwa na Shangazi. Sitabisha, ila nawakumbusha kwamba hata hizo suruali mlizovaa leo alizipunguza yeye.

Shairi hili lina beti 16. Ukichukua herufi ya kwanza ya kila ubeti ukashuka nayo chini, unapata SHANGAZI MWANAIDI. Nilitaka kuweka jina peke yake, nikaogopa. Tangu lini mimi nikamwita Shangazi kwa jina kavu, tena mbele ya watu?

Jina lenyewe mnalijua. Alizaliwa siku ya Idi ya mfungo, Januari 1966, na ndiyo maana hapa nyumbani ugomvi wa siku yake ya kuzaliwa haujawahi kwisha. Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, yeye Januari yake iko palepale. Baba alikuwa akimpigia hesabu ya mwezi ili amwongezee umri, naye alikuwa akimpiga na tepu. Mtasikia ubeti wa pili, na mimi nimesimama mbali na tepu.

Haya. Shangazi, usinikatize mpaka nimalize.

Shangazi keti kitini, cherehani iwe kando,
Tepu itoke shingoni, usishike hata pindo,
Wateja wa Ngamiani, waache wao vishindo,
Leo hakuna mtindo, ila huu wa kucheka.

Hesabu wewe wafunga, sitini, hutaki hoja,
Kwa mwezi tukiipanga, ni sitini na mmoja,
Miezi kumi twaunga, na mwingine unakuja,
Sisemi tena, nangoja, usije ukaninyuka.

Asubuhi Idi njema, pilau iko mekoni,
Bibi uchungu wauma, babu yu msikitini,
Karejea na kusema, "Mwanaidi yu nyumbani,"
Idi huhama mwakani, jina halikuondoka.

Naanza na jicho lako, lapima toka mlango,
Kwa kiuno na mwinuko, bega, kifua na shingo,
Tepu hufuata huko, kuthibitisha kiwango,
Nusu inchi ya uwongo, kwako haijafichika.

Gauni la bi harusi, mara tatu wafumua,
Mama mtu wasiwasi, mchana unapungua,
"Bega lakosa nafasi, akiinama 'tajua,"
Kavaa bila kuvua, hadi jogoo kawika.

Andiko lako la deni, lajaza kitabu kile,
Sare za huyo jirani, watotowe wende shule,
Hukuandika pembeni, hukutoa na kelele,
Naliona siku ile, kitabu kilifunguka.

Zile lapu za sakafu, hutupi hata kidogo,
Wazipanga safu safu, gunia liwe mzigo,
Nilio nao mrefu, mto wa tangu udogo,
Mna kipande kidogo, cha babu, cha kukumbuka.

Idi ikikaribia, taa yako haizimi,
Kanzu zimening'inia, zimepangwa kumi kumi,
Pedeli yalialia, guu lako halikomi,
Lako hata hulipimi, wavaa la ule mwaka.

(Hapo SHANGAZI imekwisha. Nipeni maji kidogo. Na huyo anayenong'ona kule nyuma kwamba "gauni la bi harusi" ni lake, ndiyo, ni lake, na mama yake amekaa pembeni yake anatikisa kichwa. Tunaendelea na jina.)

Mkasi wako ni mwiko, karatasi kuikata,
Nikafanya la kituko, tiara nikaipata,
Hukunipiga viboko, juma zima nikafuta,
Kila siku kwa mafuta, hadi ukanimulika.

Wanafunzi wawafunza, bure, kwa maneno haba,
Kifungo ndicho cha kwanza, halafu pindo la juba,
Akilegeza, waanza: "Fumua, mwanangu, toba!"
Watatu kati ya saba, kila mmoja na duka.

Adui yako ni zipu, ile ya bei ya chee,
Waitupa kwenye kapu, mteja akatembee,
Si kwa maneno matupu, nyingine akuletee,
Wauliza, "Bibiee, ukicheza, ikiruka?"

Nilikuja na mkoba, suruali yanipwaya,
Ukashona kwa mahaba, bila kunitia haya,
Pindo refu: "Hili, Baba, ukirefuka si baya,"
Mwaka wa tatu, si mpya, bado ilinifunika.

Alasiri ni ya chai, tangawizi inawasha,
Masengenyo hayakai, cherehani wazungusha,
Msemaji hajidai, kelele zinamchosha,
Chai yenyewe yatosha, huaga na kuondoka.

Ingawa kutunga uzi, ni kazi ya mjukuu,
Miwani nayo telezi, kwa kidole: juu, juu,
Mkono bado mjuzi, cherehani kuukuu,
Mwafanana hata guu, hamkubali kuchoka.

Dua yetu jicho lako, Mungu alitie nuru,
Mgongo na goti lako, visipate la kudhuru,
Wadeni wa duka lako, walete wakishukuru,
Nami kwako nashukuru, pindo bado lafunguka.

Imekwisha karatasi, nimeikata kwa wembe,
Sikuugusa mkasi, umelala kwenye pembe,
Keki ipo, haya basi, shika kisu, na tuimbe,
Tepu leo isitambe, kata tu, inamegeka.

Shangazi, kabla hujashika kisu, kuna kifurushi chini ya meza ya keki, kimefungwa kwa kanga. Ni gauni, na ni lako, si la mteja aliyechelewa kuja kulichukua. Wamelishona wale watatu wa ubeti wa kumi. Vipimo walivichukua kwenye gauni lako la kijani ulilolianika Ijumaa ile, ukarudi ukakuta limegeuzwa upande wa pili wa kamba, ukawagombeza kuku. Zipu ni ile ya bei kubwa, na risiti ninayo. Pindo wameliacha inchi tatu, hilo nililitaka mimi.

Wanatetemeka hapo mlangoni wakikungoja ulivae. Na kama bega linabana, nakuomba kwa heshima zote, usilifumue usiku huu.

Mwanao,
yule unayemwita Baba