Hotuba ya kufungua semina ya kumbukumbu za mauzo, Kata ya Mafiga, Morogoro

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, viongozi wa vikundi, mama zangu, kaka na dada wafanyabiashara, habari za asubuhi.

Najua kuna waliofunga genge ili waje hapa, na wengine wamemwachia mtoto duka. Kwa hiyo nitasema kidogo.

Ukimuuliza mwenye duka jana ameuza shilingi ngapi, wengi hutazama droo. Lakini asubuhi droo hiyo imetoa hela ya daladala, mchana imetoa ya mboga, na jioni shemeji amekopa humohumo. Nusu ya wateja wamelipa kwa simu. Kilichobaki kwenye droo si mauzo, na faida ndiyo kabisa haimo.

Ninachowaomba ni daftari la kawaida: tarehe, bidhaa, idadi, bei, na kama ni taslimu, simu au deni. Andika pale pale unapouza. Ukisema utajumlisha usiku, usiku umechoka, na vitu vidogovidogo vya mia mbili mia tatu vimeshasahaulika. Ulichochukua kula nyumbani nacho kiandikwe.

Halafu Jumapili kaa na daftari lako. Hapo ndipo wengi tunapoachia njiani: tunaandika, hatusomi. Tuseme wiki hii umeuza mchele kilo 100 kwa 2,600, uliununua kwa 2,400. Mauzo 260,000, faida 20,000. Mafuta ya kupimia umeuza ya 90,000 tu, lakini yalikugharimu 65,000. Faida 25,000. Mchele ndio uliojaza duka na kumeza mtaji, mafuta ndiyo yaliyokulipa. Sisemi uache mchele, maana anayefuata mchele hununua na mafuta. Nasema ujue, ili mtaji ukiwa mdogo ujue uanze kununua nini.

Na kodi, ambayo najua mnaisubiri. Kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka ni kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu, hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 6, hiyo ni 60,000. Shilingi 40,000 zinaokolewa na daftari la buku. Wanaoogopa kuandika ili mtu wa kodi asione, piga hesabu hiyo tena.

Wenye simu janja mtaonyeshwa namna ya kutumia simu. Asiye nayo asijisikie mnyonge, kalamu inatosha.

Leo mchana kila mmoja aandike mauzo yake ya jana, hata kama ni ya kukumbuka, tuone yamekosekana mangapi. Kwa maneno hayo, natamka semina imefunguliwa rasmi. Mwezeshaji, karibu mbele. Madaftari yagawiwe kuanzia nyuma, kule kwa akina mama wa mboga.