Soma ukiwa tayari

Mke wangu,

Umelala, na mimi nimekaa sebuleni na simu mkononi. Naandika kwa sababu siku hizi nikifungua mdomo mbele yako nasema lisilofaa. Huna haja ya kunijibu. Soma leo, soma wiki ijayo, au soma nusu uache.

Kwanza nisamehe kwa lile neno la Jumamosi. Tulipotoka hospitali nilikwambia, "Tutapata mwingine," nikakuona unageukia dirishani, na hukusema tena hadi nyumbani. Nilidhani nakufariji, kumbe nilikuwa nakimbia maumivu yangu mwenyewe. Mtoto si kikombe, kwamba kikivunjika unaleta kingine. Tulimlilia huyu. Huyu ndiye tuliyemwona kwenye ultrasaundi wiki ya 8, moyo wake ukipiga mbio, ukanibana mkono hadi ukafa ganzi. Huyu ndiye tuliyekuwa tukimwita Mgeni. Najua aliishia wiki ya 11, na wapo watakaosema ilikuwa mimba changa. Mimi nilishapiga hesabu ya mwaka atakaoanza shule.

Jana usiku uliniuliza kama ni ule mzigo uliobeba Jumapili kabla ya hospitali. Halafu ukauliza kama ni kwa sababu tuligombana, kama ni zile siku ulizochelewa kulala. Nimekuona unazirudia siku zako moja moja, unatafuta kosa. Mpenzi, daktari alituambia sote wawili, ila nadhani wewe hukuwa katika hali ya kusikia: mimba zinazotoka mapema hivi, mara nyingi ni kromosomu ambazo hazikukaa sawa tangu mwanzo kabisa, kabla hata hatujajua kwamba una mimba. Si mzigo. Si ugomvi. Si kukosa usingizi. Hukumwangusha mtoto wetu. Nitalirudia hili kila utakapouliza, hata saa 9 usiku, hata mara ya mia, na sitachoka.

Sikuombi ujikaze. Watu watakuja na "jikaze" zao na "Mungu ana makusudi yake," nao wanakupenda, lakini si lazima uwapokee. Mlangoni nitasimama mimi. Waliojua tayari nimewaambia, na mama yako nimemweleza kwamba utampigia wewe ukijisikia. Kama kuna mtu unamtaka karibu, niambie jina tu, nitamwita.

Siku 7 za mapumziko ulizoandikiwa ni za mwili. Sizichukulii kama muda wa mwisho wa kulia. Ukicheka kesho halafu ukalia keshokutwa, au ukalia mwezi wa tatu tulipomtarajia, sitakuuliza "bado tu?" Na ukicheka, usione aibu. Kucheka si kumsahau.

Zile soksi za njano ziko kwenye droo ulipoziweka. Jumapili nilizitoa nikitaka kuzificha usizione, nikazishika, nikashindwa, nikazirudisha. Si haki yangu kuamua peke yangu zikae wapi. Ukitaka zibaki hapo miaka, zitabaki.

Kuna jambo moja tu nitakalokusumbua nalo, kwa sababu ya afya yako. Damu inaweza kuendelea kutoka kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, huku ikipungua. Lakini ukiona pedi mbili zimelowa kabisa ndani ya saa moja, au ukapata homa, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu, ama tumbo likauma kupita kiasi, niamshe hapohapo twende hospitali. Usiseme utavumilia mpaka asubuhi. Nakujua kwa kuvumilia.

Na mimi? Hujaniuliza, na usijilaumu kwa hilo. Nimelia bafuni maji yakiwa wazi usinisikie. Nilidhani kazi yangu ni kuwa ukuta. Sasa naogopa kwamba umeniona mkavu ukadhani sikumpenda. Nilimpenda. Sijui kama nilichokipitia kinafikia robo ya chako, maana wewe ulimbeba na wewe ndiye uliyepata yale maumivu, na sitajifanya nayajua. Ila uchungu huu ni wetu wote wawili, na kuanzia leo sitauficha nyuma ya mlango. Ukinikuta nalia, si lazima uninyamazishe.

Ukitaka tumzungumzie Mgeni, tutamzungumzia. Ukitaka tukae kimya, nitakaa kimya karibu yako. Ukitaka kubaki peke yako chumbani, nitalala hapa kwenye kochi, na sitanuna. Habari za kujaribu tena sitazigusa mpaka uzianzishe wewe, na usipozianzisha, wewe bado ni mke wangu, na ukiwepo wewe nyumba hii haijapungukiwa.

Mlango wa chumba nimeuacha wazi kidogo. Ukiamka ukahitaji maji, au mkono tu wa kushika, niite. Niko macho.