Mikono Iliyobatiza, Madhabahu Iliyofungwa: Uongozi wa Wanawake katika Legio Maria, Kenya

Ikisiri

Mwaka 1963, Gaudencia Aoko, mama kijana aliyekuwa amefiwa na watoto wake, alizunguka vijiji vya Nyanza akihubiri, akibatiza na kuteketeza hirizi. Umati ulimfuata. Yeye na Simeo Ondeto ndio walioanzisha Legio Maria, kanisa huru lililojitenga na Kanisa Katoliki, ila lilipojipanga kwa ngazi za mapadri, maaskofu na papa, upadri ukawa wa wanaume peke yao na Aoko akasukumwa pembeni. Makala haya yanauliza: mamlaka ya wanawake yalikwenda wapi? Kwa kutumia mahojiano ya Kidholuo na wanawake 14 wa Migori na Kisumu, pamoja na kushiriki ibada, ninaonyesha kwamba hayakutoweka. Yalihamia kwenye unabii, uponyaji na kufukuza pepo. Mama mmoja hukesha na mgonjwa hadi alfajiri, rozari mkononi. Misa ikianza, anarudi kuketi upande wa wanawake. Padri mwenyewe humwendea kutafsiriwa ndoto. Ninapinga maelezo yanayomwona mwanamke wa makanisa huru ya Kiafrika kama mfuasi mwenye hisia kali tu. Maelezo hayo yanawanyima haki waasisi. Ulinganisho mfupi na Alice Lenshina, aliyeongoza Kanisa la Lumpa nchini Zambia tangu miaka ya 1950, unaonyesha kuwa kufungwa kwa madhabahu kulitokana na mfumo wa Kikatoliki ulioigwa, wala si mila za Kiafrika pekee.

Maneno muhimu: Legio Maria, unabii, upadri, Waluo, makanisa huru